Sura za plastiki baada ya kukuza video: namna ninavyorudisha punje

Swali: Wakuu, nina video ya zamani ya 720x576. Niliiondoa chenga kwa nguvu kisha nikaikuza hadi 1440x1080. Chenga zimeisha kabisa, ila nyuso sasa ni kama sanamu za nta. Nikajaribu kuongeza `noise` kwa ffmpeg, ikawa kama vumbi juu ya kioo. Nakosea wapi?

Jibu:

Mkuu, hilo vumbi juu ya kioo nalifahamu, lilinila wikiendi nzima. Filta ya `noise` usipoipa alama ya `t` hutumia mchoro uleule wa vitone kwa kila fremu. Mtu anageuka, kamera inasogea, vitone vimeganda palepale, na jicho linaona uchafu mbele ya picha badala ya punje, yaani vile vitone vya asili vya filamu, ndani ya picha. Weka `t` na vumbi linaondoka.

Lakini usisherehekee bado, maana mimi baada ya hapo ndipo nilipoanza kuharibu kweli. Video yangu ilikuwa mazungumzo ya mzee wa familia akiwa amekaa chumbani, taa moja pembeni, koti jeusi, ukuta mtupu nyuma yake. Baada ya kuondoa chenga, shavu lilikuwa bamba moja laini, na ukutani mwanga wa taa ulishuka kwa ngazi zinazoonekana badala ya kufifia taratibu. Nikaandika `noise=alls=20:allf=t` nikidhani nimemaliza. Koti likaanza kuchemka kama sufuria, na usoni pakatokea vitone vya kijani na vya waridi.

Vile vya rangi vilitokana na `alls`, ambayo hutia vitone kwenye mwangaza na kwenye rangi pia. Dawa yake ni kutumia `c0s` na `c0f`, zinazogusa mwangaza peke yake. Kuchemka kwa koti ni jambo jingine. Kwenye picha ya filamu punje huonekana zaidi katika mwanga wa kati, kama ngozi, ukuta au anga la kijivu, na hupungua kuelekea weusi na weupe. Filta ya `noise` haijui hilo, inamwaga kipimo kilekile kila mahali.

La tatu ni ukubwa wa punje. Kwenye picha iliyokuzwa, maelezo yote ni mapana kuliko pikseli moja kwa sababu yametoka kwenye picha ndogo. Ukiweka vitone vya pikseli mojamoja juu yake vinaonekana kama mchanga uliomwagwa juu ya picha laini. Kwa hiyo mimi hutengeneza punje kwenye turubai dogo la kijivu, nalikuza, kisha nalichanganya na `safi.mov`, video iliyokwisha kusafishwa na kukuzwa hadi 1440x1080:

```
ffmpeg -i safi.mov -filter_complex \
"color=c=0x828282:s=960x720:r=25,format=yuv420p,\
noise=c0s=12:c0f=t,scale=1440:1080:flags=bicubic,\
format=yuv420p10le[punje];\
[0:v]format=yuv420p10le[picha];\
[picha][punje]blend=c0_mode=overlay:shortest=1" \
-c:v libx265 -crf 18 -preset slow -tune grain \
-c:a copy matokeo.mkv
```

Kazi kubwa hapo anaifanya `overlay`. Kijivu cha katikati hakibadilishi kitu, kitone cheupe kidogo kinainua mwangaza na cheusi kidogo kinaushusha, lakini kiasi cha kuinua na kushusha kinafuata picha ya chini: kikubwa kwenye mwanga wa kati, kikielekea sifuri kwenye weusi na weupe kabisa. Koti likatulia bila mimi kuchora barakoa yoyote. Video lazima itangulie punje ndani ya `blend`, ukizigeuza hesabu inageuka pia. Hiyo `0x828282` si kosa la kuandika. Kijivu cha kawaida `gray` kikigeuzwa kuwa YUV kinatua chini kidogo ya katikati na picha nzima inafifia kidogo. Biti 10 ni kwa sababu kwenye biti 8 hesabu ya `overlay` inapoteza viwango, na ngazi za ukutani unazotaka kuzificha zinarudi. Badilisha `r=25` iendane na video yako.

Turubai la 960x720 linakupa punje ya takriban pikseli moja na nusu. Nilijaribu 720x540, yakawa madoadoa. Kuhusu nguvu, nilipandisha `c0s` hadi nikaziona punje shavuni nikiwa nimekaa umbali wangu wa kawaida wa kutazama, ikawa 18, kisha nikapunguza theluthi. Usipime kwenye fremu iliyosimama. Ikisimama punje huonekana kali, ikicheza jicho linazichanganya na zinalainika.

Halafu punje ziwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya kukuza, kunoa na kusahihisha rangi. Ukizitia kabla ya kukuza, programu ya kukuza inaweza kudhani ni maelezo ya picha na kuzichora upya kama viminyoo.

Sasa enkoda, programu inayobana faili la mwisho. Huyu ndiye anayewadanganya wengi, kwa sababu kwenye onyesho la awali kila kitu ni kizuri na kwenye faili la mwisho plastiki imerudi. Kazi yake ni kutupa kisichotabirika, na punje hazitabiriki. Nilipotoa faili la kwanza kwa `-crf 23` bila `-tune grain`, uso ulikuwa unapumua: punje zinajaa kwenye fremu kuu, zinayeyuka kwenye zinazofuata, kisha zinarudi kwa ghafla fremu kuu nyingine ikifika. Toa kipande cha dakika moja chenye giza na mwendo, kifungue kwenye mpv, bonyeza `.` usogee fremu kwa fremu. Punje zikija na kuondoka kwa mawimbi, shusha `crf`. Faili litanenepa, langu lilizidi mara mbili, na hapo hakuna ujanja. Ukipandisha mtandaoni, tovuti itabana tena kwa vipimo vyake, kwa hiyo nakala ya huko ninaitilia punje kidogo zaidi.

Kuna watakaokuambia ubane kwa mfumo wa AV1 na `film-grain=10` ya enkoda yake SVT-AV1. Chaguo hilo hupima punje zilizomo kwenye video unayoipa, linaziondoa au kuziacha kabla ya kubana, kisha kichezeshi kinatengeneza nyingine zinazofanana. Ukiipa video iliyokwisha kusafishwa haina cha kupima. Tia punje kwanza.

Jambo la mwisho ndilo lililonisaidia zaidi ya yote, ingawa si punje hasa. Punje zinadanganya jicho kuwa kuna ngozi, hazirudishi ngozi. Kama shavu limefutwa kabisa, chukua video ya asili, ikuze kwa `lanczos` ya kawaida hadi vipimo vilevile, na ichanganye robo kwa robo tatu za ile safi kabla ya kutia punje. Zote mbili ziondolewe mistari ya interlace kwa njia moja, la sivyo fremu hazitalingana. Kisha kagua kingo kali, mimi nilitazama ukingo wa miwani ya mzee: ukiona mstari wa pili kama kivuli, programu ya kukuza imesogeza picha kwa sehemu ya pikseli na lazima uirudishe.

Robo hiyo inakuja na chenga zake, kwa hiyo nilishusha `c0s` hadi 9. Ngazi za ukutani zimetoweka, koti limetulia, shavu lina ngozi. Ndevu zilizofutwa mwanzoni zimerudi nusu tu.