Afisa ajira anataka kupiga simu, nami nipo zamu

Naingia kazini saa 5 usiku na kutoka saa 1 asubuhi. Afisa ajira wa Nairobi ameniandikia: "Tunaweza kuongea kidogo wiki hii?" Nimjibu nini?

Usimwambie "wakati wowote". Atapiga saa 4 asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa yake ya kupiga simu, na wewe ndiyo kwanza usingizi umekolea. Piga hesabu ya siku yako kwanza. Ukitoka saa 1, ukafika nyumbani saa 2 na kulala kuanzia saa 3 hadi saa 9 alasiri, kichwa kinakaa sawa saa 10. Ofisi nyingi hufunga saa 11 jioni. Kwa hiyo siku ya zamu una saa moja tu, na hiyo ndiyo ya kumpa, kwa siku mbili tofauti, pamoja na siku moja ya mapumziko yenye nafasi zaidi:

"Habari za kazi. Asante kwa kunitafuta. Nafasi ya msimamizi wa ghala naitaka na ningependa tuongee. Wiki hii nipo zamu ya usiku, hivyo naweza kupokea simu Jumatano tarehe 11 au Alhamisi tarehe 12, kati ya 16:00 na 17:00. Ijumaa tarehe 13 napumzika, nipo huru kuanzia 10:00 hadi 17:00. Tafadhali chagua muda unaokufaa, unijulishe pia mazungumzo yatachukua dakika ngapi na utatumia namba ipi."

Saa ziandikwe kama zinavyosomeka kwenye simu. Ukiandika "saa 10", wewe unamaanisha alasiri, lakini aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza ataelewa 10:00 asubuhi. Namba atakayotumia unaihitaji kwa sababu simu ikiwa kwenye hali ya kutosumbuliwa, namba ngeni haitalia. Ihifadhi, kisha iruhusu ipite.

Jihadhari pia na siku ya kutoka zamu ya mwisho. Ratiba inaweza kuiita mapumziko, kumbe nusu yake utalala. Katika mfano huu zamu ya mwisho inaisha Alhamisi asubuhi, ndiyo maana Alhamisi imepewa saa moja tu.

Nilimwambia nipo kazini usiku wa Alhamisi. Akapiga Alhamisi saa 4 asubuhi nikiwa nimelala! Nilikosea wapi?

Kwenye maneno "usiku wa Alhamisi". Wewe ulimaanisha usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani uliingia Jumatano. Yeye alielewa Alhamisi jioni kuendelea, akaona mchana wake uko wazi. Wazee wa Pwani, ambao kwao siku huanza jua likizama, wangekuelewa, ofisi haikukuelewa. Mtajie saa ulizo huru, si zamu zako. Zamu ikibidi kutajwa, andika "naingia Jumatano 23:00, natoka Alhamisi 07:00".

Anayenitafuta yuko Uingereza. Mwenzangu anatafutwa na wa Dubai. Saa tunazipangaje?

Andika saa zote mbili, ya kwako na ya kwake. Dubai iko saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi, hivyo 16:00 yenu kule ni 17:00, watu wanafunga mafaili. Mwenzako ajaribu 15:00, hata kama itabidi aamke mapema kidogo.

Uingereza iko nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwako hii ni nafuu: 17:00 ya huku ni 14:00 au 15:00 kule, bado wako mezani. Ila simu iliyopangwa Machi na kufanyika Aprili, ihakikishe upya.

Nipokee wakati wa mapumziko ya chakula? Tuna dakika 30.

Ni kwa dharura tu. Simu ya kwanza ya usaili huchukua dakika 15 hadi 30, na dakika zako zinaliwa na kutembea hadi kabati la simu, kutafuta kona isiyo na kelele za mashine, na kurudi. Zinabaki kama 20. Ukikosa njia nyingine, mwambie kabla: "Nitakuwa na dakika 15, kuanzia 13:05 hadi 13:20." Usipomwambia, utalazimika kumkatiza katikati ya swali la mshahara.

Tumeshakubaliana muda, msimamizi amenibadilishia zamu.

Mwandikie mara ujuapo, usingoje asubuhi ya simu. Ujumbe huohuo ubebe nyakati mbili mpya: "Zamu yangu ya Jumatano imebadilishwa, naingia 15:00. Naweza Jumatano 11:00 au Ijumaa 14:00." Kuomba radhi bila kutaja muda mwingine kunamrudishia yeye kazi ya kupanga, na ana orodha ya watu wengine wa kupigia.