"Tabaka" na "eneo" katika gamba la ubongo

*Swali: Nikitafsiri maelezo ya picha za hadubini niliandika, "Gamba la ubongo lina matabaka sita, na tabaka la kuona liko kisogoni." Mhariri alifuta "tabaka" la pili akaweka "eneo". Je, maneno haya hayabadilishani?*

Hayabadilishani, na mhariri wako alikuwa sahihi. Tabaka hulala juu au chini ya tabaka jingine, kwa hiyo huhesabiwa kwa kina, kuanzia uso wa ubongo kwenda ndani. Eneo hupakana na eneo jingine, kama shamba na shamba. Kila eneo lina matabaka yake, na ndiyo maana "tabaka la kuona" haliwezi kuwa mahali kisogoni.

Chukua kipande cha lobu ya kisogo kilichotiwa rangi ya Nisl, ambayo huonyesha miili ya seli na kuziacha nyuzi zake. Katika eneo la kuona, tabaka la nne ni nene na limejaa seli ndogo mithili ya punje. Ukikitia kipande jirani rangi ya mieleni, yaani ala ya mafuta inayozifunika nyuzi, seli hufifia na badala yake hutokea ndani ya tabaka hilohilo mstari mweusi wa nyuzi, ule ambao mwanaanatomia Jenari aliuona kwa macho matupu mwaka 1776. Mstari huo uuite "mstari" tu. Si tabaka la saba.

Sasa linganisha na eneo linaloendesha misuli, nyuma kabisa ya lobu ya paji. Hapo gamba lina unene unaokaribia milimita 4, takriban maradufu ya lile la kuona, na katika tabaka la tano zimo seli kubwa za piramidi zilizoelezwa na mwanaanatomia Betsi mwaka 1874. Tabaka la nne halionekani waziwazi kwa mtu mzima, hivyo "matabaka sita" ni kanuni ambayo picha yako huenda isiitii. Eneo la mguso, mbele ya lobu ya utosi, na lile la kusikia, katika lobu ya panja, yana tabaka la nne lililo wazi.

Jihadhari pia na kipande kilichokatwa mshazari, kwa kuwa hunenepesha matabaka yote kwa pamoja. Ukiona hata tabaka la kwanza, lenye seli chache mno, limepanuka, usiandike "tabaka la nne ni nene" kabla ya kuuliza kisu kilipita vipi.

Mwisho, mwanaanatomia Brodimani alipochapisha ramani yake ya gamba la ubongo mwaka 1909 aliyapa maeneo namba, kwa hiyo "eneo la 17" ni jina la eneo la kuona, na "la 4" ni la kuendesha misuli. Namba hizo hazihesabu kina. Ukiandika "tabaka la 4 la eneo la 17", msomaji atajua umesimama wapi na umechimba hadi wapi.