Unaenda kuona mgonjwa? Hayo mafuta ya udi wacha Nakuru

"Wadau, Jumamosi natoka Nakuru na matatu, nafika Kisumu kuona shangazi amelazwa, halafu jioni tunaingia matanga Siaya na Jumapili kanisani. Nimenunua mafuta ya udi, muuzaji anasema kwa vile hayana alkoholi hayasumbui mtu yeyote. Nipake wapi na kiasi gani ndio yakae mpaka jioni?"

Usipake. Hakuna mahali pa kupaka na hakuna kiasi, siku ya kuingia wodini ni sufuri. Na usianze kuhesabu Jumamosi asubuhi, anza Ijumaa, maana shida kubwa haiko kwa ngozi, iko kwa nguo. Nitaeleza.

Hiyo maneno ya "haina alkoholi" niliambiwa hivyo hivyo na jamaa mmoja wa vichupa vya rolon mjini, tena kwa uhakika kama daktari, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Sikiza vile mambo yako. Kwa pafyumu ya kupuliza, sehemu kubwa ya chupa ni alkoholi, na hiyo alkoholi kazi yake ni kubeba harufu itoke kisha yenyewe iruke, dakika chache hivi imeenda. Kinachobaki kwa mwili ni marashi yenyewe. Sasa kwa mafuta ya udi wamechukua kile kitu kinaruka haraka wakakitoa, wakakuachia kile kinachokaa. Mgonjwa wa pumu anaweza kubanwa na hayo marashi yenyewe, alkoholi iwepo isiwepo. Muuzaji anauza, hajawahi kusimama kando ya kitanda mtu akitafuta pumzi, na anawaambia watu habari za kifua kama anazijua.

Halafu udi, ambari, miski, hizo ni harufu nzito. Harufu ya limau au chungwa nusu saa imepotea, hizi nzito zinaruka polepole sana, ndio maana watu wanazipenda. Kwa ngozi zinakaa siku nzima, kwa sweta zinakaa siku kadhaa, na wiki hata ukiifungia kabatini.

Mimi nilikuwa naenda kuona mama mdogo, alikuwa amelazwa Kisumu na pumu, ameshaanza kupata nafuu, walikuwa wanasema labda wamtoe kesho yake. Asubuhi Nakuru nikapaka mikononi na nyuma ya masikio na kidogo kwa kola ya sweta vile yule jamaa alinifundisha, eti kola ndio inashika. Nakuru asubuhi ni baridi, iko karibu mita 1,850 juu, na kwa baridi mafuta yanatulia, unanusa unaona ni ya heshima kabisa. Tukapanda Mau Summit, Londiani, watu wamefunga madirisha, kufika Kericho mimi sijinusi tena nikadhani imeisha nikaongeza. Hapo ndio watu wengi wanapotea. Harufu haikuwa imeisha, pua ndio ilikuwa imezoea. Pua ikikaa na harufu moja dakika chache inaacha kukuambia, lakini yule anaingia kutoka nje anaipata yote. Kwa hivyo wewe mwenyewe huwezi kupima kiasi chako, hata ungekuwa na pua ya namna gani.

Tukashuka Awasi, Ahero, Kisumu. Kisumu iko chini, mita 1,130 hivi, na saa sita mchana jua linachoma. Joto linaamsha mafuta. Kile kiasi nilipima kwa baridi ya Nakuru, pamoja na ile niliongeza Kericho, vyote vikaamka pamoja nikiwa kwa ngazi za hospitali.

Wodi yenyewe mnazijua, vitanda vimekaribiana kiasi kwamba ukiketi kwa kimoja magoti yanagusa kingine, saa ya kuona wagonjwa imefika watu wamejaa na vyakula, upepo hakuna. Nikainama kumsalimia mama mdogo, akanishika shingo vile wamama hushika. Akakohoa. Nikadhani ni furaha na machozi. Akakohoa tena ile kavu ya mfululizo, akaanza kukaa wima, mabega yanapanda, na ukisikiza karibu unasikia kifua kinapiga filimbi anapotoa pumzi. Akitaka kuniambia kitu anatoa maneno mawili anakatika. Hiyo ndio dalili ujue, mtu wa pumu akishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja usingoje, ita sista. Mimi nilikuwa namsugua mgongo! Yaani namsogelea zaidi, nikiwa na kola yangu hapo kwa pua yake.

Sista alifika, hata hakuuliza, alinusa tu akaniambia "toka nje, sasa hivi." Wakampa inhela na spesa, ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa polepole, ikakosa kutosha wakaleta nebulaiza. Kitanda cha pili kulikuwa na mama ambaye ametoka kushonwa tumbo, harufu ikamletea kichefuchefu, na kutapika ukiwa na nyuzi mbichi tumboni ni maumivu sitaki kueleza. Huyo hakunijua, sikuja kumuona yeye, na alipata sehemu yake.

Nje nikaenda kwa mfereji nikaosha mikono na shingo. Maji hayatoi mafuta, ni kama kuosha sufuria ya nyama na maji baridi. Mlinzi mmoja akanipa sabuni ya kipande nikasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikarudi mlangoni, sista akanusa akasema bado. Nikaosha tena. Bado. Akaniangalia akasema ni sweta. Nikaitoa nikaiweka kwa karatasi nikaifunga, nikampa mtu nje ashike, lakini hata shati ilikuwa imeshika. Sikuingia siku hiyo, na kesho yake mama mdogo hakutolewa.

Na kuna kitu niliambiwa na huyo sista baadaye ambacho wengi hawajui. Nilikuwa najitetea eti mama mdogo hana aleji ya marashi, hata yeye hujipaka akiwa mzima. Akasema si lazima iwe aleji. Kifua cha mtu wa pumu njia zake za hewa tayari zimevimba ndani na ni nyepesi kukasirika, kikiguswa na harufu kali au moshi au vumbi ile misuli inayozunguka njia inajikaza na njia inakuwa nyembamba. Kwa hivyo mtu anaweza kuvumilia pafyumu mwezi mzima, siku akipata shambulio, pafyumu ile ile inammaliza. Usiulize "anapenda harufu gani," uliza yuko hali gani leo.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: nguo ya kuingia wodini itoke kwa kamba, isitoke kabatini. Kabatini imelala na zile zingine ulizovaa ukiwa umejipulizia. Ijumaa fua shati na suruali na sabuni ya kipande, bila yale maji ya kulainisha nguo, hayo yametengenezwa harufu ishike kwa uzi ikae, na anika nje kwa upepo. Sweta ya baridi ya Londiani chukua lakini iwe imefuliwa pia, sufu ndio mbaya zaidi kwa kushika. Jumamosi oga na sabuni isiyo kali, paka vaselini ile ya kawaida isiyo na harufu, kwapani ukitaka kitu tafuta kisicho na marashi kabisa. Hapo uwe makini, kuna vitu havinuki na bado vimetiwa marashi ya kufunika harufu ya dawa nyingine, geuza chupa usome viungo, ukiona marashi yametajwa rudisha. Kama kuna dada au mke mnasafiri naye, nywele za kusuka na wigi zinabeba harufu kuliko nguo, na watu hupulizia huko makusudi.

Kuhusu jasho usiogope. Jasho la mtu aliyeoga asubuhi halijawahi kumpeleka mtu kwa nebulaiza.

Na kama mtu amesoma hii akiwa tayari amejipaka na yuko njiani: usiongeze maji juu. Futa kwanza pale ulipopaka na mafuta ya kupikia kidogo au vaselini kwa tishu, mafuta yanavuta mafuta, kisha sabuni, kisha urudie. Nguo badilisha, hakuna njia nyingine. Ukifika omba mtu ambaye hamkuwa naye kwa gari akunuse, usimuulize wa kiti cha karibu, pua yake imeshazoea kama yako. Akisema anakusikia, baki mlangoni, tuma chakula ndani na mwingine, mpigie mgonjwa simu umwone kwa mlango. Hatakasirika.

Matatu, ndio, watu 14 na madirisha yamefungwa kutoka Salgaa mpaka ushuke Kericho, na kona zile, kuna mtu anatapika barabarani na harufu nzito inamfikisha haraka. Lakini ukifuata hiyo ya wodi basi umeshasaidia gari pia. Matanga Siaya ni nje, kuna upepo na moshi wa kuni, ukipaka tone moja jioni baada ya hospitali mimi sioni shida, ila si kwa kola, kwa sababu utakumbatiwa na wazee na wafiwa wote na baadhi yao wana vifua pia. Kanisa utajua mwenyewe.

Na usibebe hicho kichupa kwa begi moja na nguo za wodini. Vile vifuniko vya rolon vinavuja, joto la gari linasukuma mafuta nje na utafungua begi Kisumu ukute kazi yote ya Ijumaa imeharibika. Ukitaka ya matanga weka kwa kichupa cha glasi, ufunge kwa mfuko wa nailoni mara mbili, uweke kwa begi la mtu mwingine.

Halafu hukusema shangazi amelazwa na nini. Kama ni kifua, au ametoka upasuaji, au anapata zile dawa za saratani zinazoleta kichefuchefu, andika hapa kabla Ijumaa jioni, kwa sababu kwa hao hata chakula unachobeba tutakiongelea, samaki wa kukaanga anafika kitandani kabla yako.