Mgawo wa faida ya duka la vifaa vya ujenzi

"Nilitoa milioni 12, mwenzangu milioni 6, lakini yeye ndiye anayeshinda dukani na sasa anataka nusu kwa nusu. Tufanyeje?"

Ndugu, kwa Tanzania, pasipo makubaliano, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huwagawia wabia faida sawasawa bila ujira kwa anayesimamia. Kwa hiyo usitegemee mtaji wako pekee.

Ajenda ya kikao iwe fupi: kwanza mkubaliane hesabu za robo mwaka, mkihesabu bidhaa na madeni ya mafundi (hapo ndipo ugomvi mwingi hujificha), kisha mshahara wa msimamizi, na mwisho mgawo.

Pendekezo mpelekee mapema kwa maandishi: "Msimamizi atalipwa shilingi 400,000 kila mwezi kama gharama ya duka, faida itakayobaki itagawanywa kwa uwiano wa mtaji, 2 kwa 1, na hasara vivyo hivyo."

Faida ya robo mwaka ikiwa 4,200,000, mshahara utachukua 1,200,000, wewe utapata 2,000,000, naye jumla 2,200,000. Mkiafikiana, wekeni saini mbele ya mashahidi.