Chupa za pilipili zinavimba

“Ninatengeneza pilipili nyumbani hapa Goma. Duka limenirudishia chupa, vifuniko vimevimba. Kosa ni wapi?”

Mama, humo kuna vijidudu vinavyotoa gesi. Zitupe zote, usionje hata kidogo. Huenda siki ni haba, ao ulijaza pilipili ikiwa imepoa. Pima asidi kwa kipimo cha pH cha umeme (karatasi hudanganywa na wekundu wa pilipili): isome chini ya 4.0, kwani 4.6 ndiyo mpaka wa hatari.

Goma, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 95°C hivi. Kwa hiyo chemsha chupa dakika 15, si 10. Usizifute kwa kitambaa cha jikoni, kinarudisha uchafu. Zimwage maji, zijaze zingali moto, na pilipili ikitokota.