Busheli ya mahindi si busheli ya ngano

SWALI: Dalali ameniletea ofa ya mahindi ya njano kutoka Marekani, busheli 10,000, kwa kiwanda changu cha chakula cha kuku. Anasema busheli ni kilo 27.2, kwa hiyo ni tani 272. Kikokotoo cha mtandaoni kimenipa 35.24. Nimwamini nani?

JIBU: Usiamini hata mmoja, ndugu yangu. Hiyo 35.24 ni lita, yaani ujazo wa chombo cha busheli ya Kimarekani. Ukiigeuza kuwa kilo umenunua maji, si mahindi. Na 27.2 ni kilo za busheli ya ngano au soya. Busheli ya mahindi ni pauni 56, na pauni moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo unapata kilo 25.4. Busheli 10,000 ni tani 254. Tani 18 alizokuongezea dalali, sawa na magunia 200 ya kilo 90, hazipo.

Kinachonikera ni hii imani kwamba busheli ina kilo zake, kama tani. Asili yake ni kipimo cha kujaza, kama debe letu, na chombo kilekile hubeba uzito tofauti kulingana na kilichomo. Ngano ni nzito zaidi kwa ujazo uleule, basi busheli yake ni pauni 60. Mahindi ni mepesi kidogo. Oti huja na maganda yake na hewa nyingi katikati, ndiyo maana Marekani huihesabu kwa pauni 32 tu, kama kilo 14.5.

Siku hizi hakuna anayejaza chombo ili auze. Lori hupimwa kwenye mizani, kisha pauni za mahindi hugawanywa kwa 56, yawe mazito au mepesi. Chombo kimebaki kwenye kupima ubora: mahindi ya daraja la pili la Marekani yanatakiwa yafikishe walau pauni 54 kwa busheli halisi. Kwa hiyo ukiona 54 kwenye cheti cha ukaguzi, usiitumie kukokotoa kilo. Inakueleza jinsi punje zilivyojaa, na haibadilishi hesabu ya mzigo.

Kosa hilohilo huharibu bei. Mahindi ya dola 4.50 kwa busheli ni kama dola 177 kwa tani, kwa sababu tani ina busheli 39.37. Anayetumia hesabu ya ngano, busheli 36.74, atakuambia dola 165, nawe utadhani umepata nafuu. Madalali wa kwenye simu wanaotaja busheli bila kutaja zao wapo wengi, na wakibanwa husema "ni makadirio". Mwambie aandike mkataba kwa tani za metriki, malipo yafuate uzito wa mizani bandarini, na bei iwe kwa tani. Akikataa, achana na mzigo huo.