Kwa nini sindano kabla ya kisu

"Mama ana uvimbe titini, tumetoka Masasi hadi Mtwara mjini. Daktari anataka kuchukua kinyama kwa sindano. Kwa nini asiutoe wote? Na majibu mbona siku nyingi?"

Pole, dada. Ukiutoa wote bila kujua ni nini, kisha ikaonekana ni saratani, mara nyingi mama atarudi tena mezani, kwa kuwa upasuaji wa saratani hupangwa tofauti: kingo za nyama inayotolewa ziwe safi, bila saratani, tezi za kwapani ziangaliwe, na pengine dawa za kuupunguza uvimbe kwanza. Sindano hufanyika kwa ganzi ya sehemu ile tu, huchukua vipande vyembamba kadhaa, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Vipande vinatakiwa kuingia mara moja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, yenye ujazo walau mara kumi ya nyama, na kukaa humo saa 6 hadi 72. Hapa ndipo mambo huharibika: vikiwekwa kwenye maji ya chumvi, au fomalini ikiwa kidogo, seli huoza na kipimo cha kuona kama saratani inategemea homoni hudanganya. Kwa hiyo kama vinasafirishwa Dar, hakikisheni chupa ina jina, titi lipi, tarehe na saa. Maabara huviondoa maji kwa spiriti, huvigandisha ndani ya nta, huvikata vyembamba sana na kuvipaka rangi. Ndiyo maana siku zinakwenda.

Majibu yakisema "si saratani" na uvimbe ni mgumu au unakua, ombeni kipimo kirudiwe. Sindano inaweza kukosa shabaha. Damu isiyokoma, au homa: rudini hospitali siku hiyohiyo.